Kurejesha akaunti iliyofungamana na namba ya simu ya zamani

Namba ya simu si mali ya kudumu ya mtumiaji. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye namba yake inaweza kugawiwa mteja mwingine kihalali. Akaunti ya mtandao wa kijamii haina habari ya mabadiliko hayo: huendelea kuituma namba ya uthibitisho kule kule ilikozoea. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuirejesha akaunti ya Facebook iliyo katika hali hiyo.

Tuchukue mfano wa mama anayebangua na kuuza korosho mjini Newala. Wateja wake wa Masasi humwagizia kupitia Facebook. Simu yake iliibwa, akanunua laini nyingine, na ile ya zamani hakuishughulikia. Baada ya mwaka mmoja na nusu alitaka kuingia katika akaunti yake kwa simu mpya, lakini nywila alikuwa ameisahau. Alipoomba namba ya uthibitisho haikumfikia. Alipoipigia namba yake ya zamani, ilipokelewa na mtu asiyemjua.

Hatua ya kwanza ni kujua namba hiyo bado ni ya nani. Kwa kutumia laini ya mtandao uleule iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, piga:

```
*106#
```

Fuata maelekezo hadi uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Ikiwa namba ya zamani bado imo, nenda na kitambulisho katika duka la kampuni ya simu uombe kurudishiwa laini. Tatizo litaishia hapo. Ikiwa haimo na mtu mwingine anaitumia, kama ilivyokuwa kwa mama huyu, namba hiyo ni yake, na huna haki ya kuidai. Kinachobaki kuwa chako ni akaunti.

Hapo wengi hufanya kosa moja: humwomba mwenye namba mpya awasomee namba ya uthibitisho. Hatushauri hivyo. Mtu huyo hawezi kujua kama wewe ni mwenye akaunti au tapeli, na akikataa yuko sahihi. Zaidi ya hayo, unakuwa umemjulisha kwamba anao ufunguo wa akaunti yako. Naye afahamu kwamba kuingia katika akaunti isiyo yake bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Njia iliyo bora ni kutafuta kifaa ambacho akaunti bado iko wazi. Mama wa Newala alikumbuka kwamba aliwahi kuingia kwa simu ya binti yake aliyeko Masasi. Alishuka Masasi, akaikuta akaunti iko wazi. Hakutoka kwenye akaunti, kwa maana angetoka, mlango huo ungefungwa. Alifungua mipangilio, akaingia "Accounts Center", akaongeza baruapepe yake na namba yake mpya, akazithibitisha, ndipo akaiondoa namba ya zamani. Mpangilio huo ni muhimu: ongeza kwanza, ondoa baadaye. Kisha aliomba kubadili nywila, na safari hii namba ya uthibitisho ilifika kwenye baruapepe. Mwisho alikagua orodha ya vifaa vilivyoingia na kuviondoa asivyovitambua.

Asiye na kifaa kama hicho afungue facebook.com/login/identify, aitafute akaunti kwa jina au baruapepe, kisha achague njia isiyo ya namba ya zamani. Akiona maneno "No longer have access to these?" ayabonyeze. Afanye hivyo kwa simu na mahali alipozoea kuitumia akaunti, kwani mfumo huvitambua. Anaweza kutakiwa kutuma picha ya kitambulisho. Jina la akaunti likitofautiana na la kitambulisho, ombi huenda likakataliwa. Ikiwa mtu mwingine amekwisha kuingia na kubadili nywila, atumie facebook.com/hacked.

WhatsApp ni tofauti. Huko akaunti ni namba yenyewe, hivyo namba ikishapewa mwingine akaunti hairejeshwi. Waombe wasimamizi wa makundi, kama vile la wakulima au la kikoba, waiondoe namba ya zamani, na uwajulishe wateja kwa sauti yako. Ukiwa bado unayo namba, tumia "Change number" kabla ya kuiacha.

Ikiwa ujumbe wa kuomba fedha umetumwa kwa jina lako, toa taarifa kituo cha polisi. Aliyepokea ujumbe mfupi wa kitapeli kwenye simu autume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma.