Bango la Mlangoni: Unapokwenda Kumwona Mgonjwa Aliyetengwa

Katika ukurasa huu wa afya mwezi huu tunapenda tuzungumzie mlango mmoja wa wodi yetu, ule wa chumba cha mwisho, ambao wageni wengi hufika na kusimama mbele yake wasijue la kufanya. Wengine husoma bango na kurudi nyumbani kimya kimya. Wengine hufungua na kuingia moja kwa moja, na mtoto mgongoni. Wote wawili hukosea.

Chumba hicho huwekwa mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu ambaye makohozi yake yamepimwa na kuonekana yana vimelea. Anapokohoa, kupiga chafya, hata anapoimba au kuzungumza, hutoa matone madogo sana. Matone hayo hukauka upesi, na chembechembe zinazobaki huelea hewani kwa saa kadhaa. Hazianguki chini kama mate ya kawaida. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kuwa amelala au ametoka kwenda maabara, na hewa ya chumba ikawa bado ina vimelea.

Zamani bango letu lilikuwa na neno HATARI kwa rangi nyekundu, na chini yake jina la ugonjwa. Tuliliondoa. Jina la ugonjwa ni siri ya mgonjwa na daktari wake, nalo halimsaidii mgeni kujua afanye nini. Sasa bango lina picha ya mtu aliyevaa barakoa, kwa ajili ya wasiojua kusoma, na maneno haya:

SIMAMA
Mwone kwanza muuguzi wa zamu.
Vaa barakoa uliyopewa ukiwa bado nje.
Wageni wawili tu kwa wakati mmoja. Watoto wasiingie.
Mlango ufungwe. Dirisha liachwe wazi.
Ukitoka, funga mlango kwanza, ndipo uvue barakoa.

Tuwaeleze habari ya mama mmoja. Mume wake alilazwa chumba hicho baada ya kukohoa miezi mitatu. Siku ya pili mama alikuja na uji, mgongoni kambeba mjukuu wa miaka miwili. Tulipomwonyesha bango alituuliza swali ambalo wengi hulificha moyoni: "Sista, nimelala naye chumba kimoja miezi yote hii, mjukuu akiwa kati yetu. Leo barakoa ya nini?"

Swali lake ni la haki. Barakoa ya leo haifuti hewa aliyoivuta jana. Lakini si kila aliyeishi na mgonjwa amekwisha kuambukizwa, na kadiri mtu anavyokaa muda mrefu katika hewa ile ndivyo uwezekano unavyozidi. Aliyeponea jana anaweza kuambukizwa leo. Tena swali lake lilitufungulia jambo kubwa kuliko barakoa: yeye na mtoto walipaswa kupimwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano akiambukizwa anaweza kuugua upesi, na ugonjwa unaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Basi mjukuu alibaki barazani na shangazi yake, na mama tukamvalisha.

Barakoa ya mgeni katika chumba hiki ni ile nene yenye umbo la kikombe, inayoitwa N95, kwa kuwa huzuia angalau asilimia 95 ya chembechembe ndogo. Ile nyepesi ya kufunga masikioni anavaa mgonjwa, si mgeni. Kazi yake ni kunasa matone yanapotoka mdomoni kabla hayajakauka. Mgeni akivaa hiyo nyepesi, hewa hupita pembeni, naye hujidhania amekingwa.

Mama alinawa mikono, akashusha kilemba, kwa sababu mikanda ikipita juu ya nguo huteleza. Akaishika barakoa kiganjani, akaifunika pua, mdomo na kidevu. Mkanda wa juu ukapita nyuma ya utosi, wa chini shingoni, chini ya masikio. Kisha kwa vidole vya mikono yote miwili akakibana kile kibati cha juu kifuate umbo la pua. Baadaye tukamwambia aweke mikono juu ya barakoa na kupumua kwa nguvu. Akasema, "Nasikia upepo machoni." Maana yake kibati hakijabana. Akarekebisha, akapumua tena, upepo ukaisha. Hapo ndipo tulipomfungulia mlango. Wanaume wenye ndevu nyingi watusamehe: barakoa hii haishiki juu ya ndevu, nasi huwaomba wazungumze na mgonjwa kupitia dirishani, wakiwa nje.

Mama aliomba na glavu. Hatukumpa. Kifua kikuu hakiambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa shuka, wala kwa kikombe. Alimshika mumewe mkono, akamlisha uji, na bakuli lililooshwa kwa maji na sabuni likarudi nyumbani kutumiwa na wote. (Mlango wa mgonjwa wa kipindupindu una bango lingine kabisa. Huko adui yuko mikononi, na mgeni huvaa glavu na gauni, kisha huvivua kabla ya kutoka na kunawa vizuri kwa sabuni. Ndiyo maana tunasema soma bango la mlango ulio mbele yako, usikumbuke la mwaka jana.)

Wakati wa kutoka ndipo makosa hutokea. Mgeni amechoka, joto limemzidi, anashusha barakoa kidevuni ili amuage mgonjwa vizuri. Usifanye hivyo. Toka, funga mlango, ndipo uondoe mkanda wa chini, kisha wa juu, bila kuushika uso wa barakoa, halafu nawa mikono. Kama utarudi kesho tunaiweka katika mfuko wa karatasi wenye jina lako. Mfuko wa plastiki huiacha na unyevu. Ikilowa, ikichanika au mikanda ikilegea, tunakupa nyingine.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo hutujia, watu kumi na watano pamoja na nyimbo. Tunawaomba wawili waingie, wengine wasali barazani upande wa dirisha, mbali kidogo nalo. Padre akileta Komunyo huvaa N95 kama sisi. Mgonjwa hushusha barakoa yake kwa kitambo cha kupokea tu, kisha huirudisha. Mwenye mimba, mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kudumu amnong'oneze muuguzi pembeni. Hatutamuuliza mbele ya wenzake.

Vimelea vya yule baba havikuwa sugu kwa dawa. Baada ya wiki mbili za dawa kikohozi kilikuwa kimepungua sana, naye daktari akaandika kwamba anaweza kutoka chumbani. Ni daktari anayeamuru bango liondolewe, si mgonjwa kujisikia nafuu. Mwenye vimelea sugu hungoja kwa hesabu nyingine.

Mama alipimwa, hakuonekana na ugonjwa. Mjukuu naye alipimwa, akapigwa picha ya kifua, akaonekana mzima, akaanzishiwa dawa za kuzuia kifua kikuu, ambazo bibi yake humpa kila asubuhi. Chumba tulikiacha madirisha wazi mchana kutwa kabla ya kumwingiza mgonjwa mwingine, nalo bango likarudishwa mlangoni.