Amelipa Nusu: Risiti Niiandikeje?

SWALI: Nawapikia watalii wanaokuja kuona korongo la Nyari hapa Marafa. Kampuni ya Malindi niliiandikia ankara ya shilingi 36,000. Dereva wao ametuma 20,000 kwa M-Pesa na anataka risiti. Niandike nini?

JIBU: Kwanza hakikisha pesa zimeingia. Usitegemee ujumbe uliotumwa na dereva; ujumbe halisi hutoka kwa MPESA, lakini uthibitisho wa mwisho ni salio lako mwenyewe au taarifa ya akaunti. Linganisha kiasi, tarehe na ule msimbo wa muamala wenye jumla ya herufi na tarakimu 10.

Kisha andika risiti yenye nambari yake na tarehe pesa zilipoingia. Taja jina la kampuni kama lilivyo kwenye ankara, na useme dereva amelipa kwa niaba yake. Andika hivi, kwa mfano: “Tumepokea 20,000 (elfu ishirini), malipo ya sehemu ya ankara nambari 014 ya 36,000. Baki 16,000.” Ongeza msimbo wa M-Pesa.

Usibadilishe ankara iwe 20,000, wala usiigonge muhuri wa “imelipwa”. Ukifanya hivyo utakosa cha kudai. Baki ikija, toa risiti ya pili ya 16,000 yenye nambari ileile ya ankara, baki sufuri. Jumla ya risiti zote lazima ilingane na ankara.

Ukipokea kwa till na ukakatwa ada, risiti ibaki 20,000: mteja amelipa zote, ada ni gharama yako.