Suti ya kompyuta kwenye picha ya pasipoti

SWALI: Naomba pasipoti na kazi. Studio moja hapa Ifakara wanasema nipige na fulana tu, watanivalisha suti kwa kompyuta. Kuna ubaya? – Msomaji, Ifakara

JIBU: Upo, ndugu yangu. Usikubali. Picha ya utambulisho ni ushahidi kwamba mtu huyu, akiwa hivi, alikaa mbele ya kamera. Suti ya kubandika inaufanya ushahidi huo kuwa uongo, hata kama sura ni yako.

Na sura yenyewe haibaki salama. Fundi huchukua mwili wa mtu mwingine wenye suti, akakata kichwa chako na kukipachika juu ya kola. Ili kishike, hupunguza shingo, hulainisha kidevu, pengine huvuta uso uwe mwembamba. Tangu 2018 pasipoti ya Tanzania ni ya kielektroniki, na picha huhifadhiwa kwenye chipu ili mashine ilinganishe vipimo vya uso. Kanuni za ICAO, zinazofuatwa duniani, hazikubali picha iliyochezewa.

Ofisa mzoefu hugundua haraka: mwanga unapiga shavu la kushoto lakini kivuli cha kola kiko upande huohuo, mabega hayalingani na kichwa, ukingo wa shingo umekatika kama kwa wembe. Mwajiri akiiona, ataanza kutilia shaka na vyeti vyako halali.

Azima shati lenye kola, ulivae, upigwe upya. Koti la studio pia linafaa, mradi umelivaa kweli. NIDA hawana shida hiyo: wanakupiga picha wenyewe.