Modeli ya QGIS ya mita 400: maswali yanayorudi mara kwa mara

Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba mkazi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Anayefuatilia kipimo hicho kwa QGIS hurudia kazi ileile kila orodha mpya ya vituo vya maji inapoletwa: kuviweka katika mfumo wa viwianishi unaohesabu kwa mita, kuchuja vinavyofanya kazi, kuvichorea eneo la mita 400, kisha kutafuta nyumba zilizobaki nje. Kazi hiyo hugeuzwa modeli katika Model Designer, inayofunguliwa kutoka menyu ya Processing, ili mwenzake aiendeshe bila kukumbuka mpangilio. Maswali yafuatayo yanahusu modeli hiyo.

Modeli inafanya kazi kwa aliyeitengeneza, lakini kwa wenzake inakataa. Kwa nini?

Barua nyingi zinauliza jambo hili kwa maneno tofauti, na karibu zote zinatokana na dhana moja: kwamba modeli ni rekodi ya kilichofanyika, kana kwamba QGIS imetazama kazi na kuikariri. Sivyo. Modeli ina hatua, na kila hatua ina nafasi za kujazwa. Aliyeitengeneza ndiye anayeamua kila nafasi ijazwe na nini, na asipoamua vizuri, modeli itashika faili lake la siku ile.

Hatua ya kwanza katika mfano huu ni Reproject layer. Ukiifungua ndani ya modeli, kando ya nafasi ya Input layer kuna kitufe kidogo. Kikiwa kwenye Value, chenye alama ya 123, kilichochaguliwa ni faili mahususi, tuseme `D:/Maji/vituo_machi.gpkg`, na njia hiyo inaandikwa ndani ya modeli. Mwenzake asiye na diski hiyo atapata ujumbe unaoanza na `Could not load source layer for INPUT`. Huyo ana bahati, kwa sababu ameona kosa. Mwenye hasara ni yule ambaye kompyuta yake inaifikia diski hiyohiyo ya ofisi. Kwake modeli inakimbia hadi mwisho bila neno, naye anapeleka wilayani ramani ya Juni iliyotokana na vituo vya Machi.

Dawa ni kuanza na kidirisha cha Inputs kabla ya kugusa algorithimu yoyote. Kazi hii inahitaji viingizo vinne: Vector Layer ya vituo, Vector Layer ya nyumba, Number ya umbali yenye 400 kama thamani ya kuanzia, na CRS. Kisha katika kila hatua kitufe kile kiwekwe Model Input pale mtumiaji anapopaswa kuchagua, na Algorithm Output pale hatua inapopokea kazi ya hatua iliyotangulia. Value ibaki kwa vitu visivyobadilika kamwe.

Kabla ya kugawa modeli, faili lake la `.model3` lifunguliwe kwa kihariri cha maandishi. Ni XML ya kawaida inayosomeka. Itafutwe `C:/`, `D:/` au `/home`. Ikionekana njia ya tabaka la data, modeli haijawa tayari kugawiwa.

Je, lazima kujua Python?

Hapana.

Mita 400 zimegeuka duara linalofunika dunia. Wengine wanashauri kuandika 0.0036.

Buffer inahesabu kwa kipimo cha tabaka inalopewa. Vituo vilivyochukuliwa kwa GPS huwa katika EPSG:4326, ambao kipimo chake ni nyuzi, kwa hiyo 400 inasomwa kama nyuzi 400. Ile 0.0036 inatokana na kugawa mita 400 kwa takriban mita 111,000 za uzi mmoja karibu na ikweta. Nchini Tanzania jibu lake linakaribia ukweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: mtu mwingine akiona namba hiyo hana njia ya kujua imetoka wapi, na akiandika 400 kama mtu yeyote mwenye akili timamu, modeli inaharibika. Umbali uandikwe kwa mita, na Reproject layer itangulie Buffer.

Kubadilisha mfumo wa viwianishi wa mradi hakusaidii, maana huo unagusa mchoro wa kwenye skrini tu, data inabaki ilivyo. Ushauri mbaya zaidi unaosambazwa ni kutumia Assign projection. Hiyo haigeuzi namba, inabandika jina jipya juu ya namba za zamani. Kituo cha Dar es Salaam chenye 39 na -6 kikibandikwa EPSG:32737 kinasomwa kama mita 39 na mita -6, na vituo vyote vinarundikana karibu na Ncha ya Kusini.

CRS imewekwa kuwa kiingizo kwa sababu Tanzania inagusa kanda tatu za UTM. Dar es Salaam, Tanga na Mtwara ziko kanda ya 37, EPSG:32737. Dodoma na Mwanza ziko kanda ya 36, EPSG:32736. Mji wa Kigoma unaangukia kanda ya 35.

Modeli imemaliza bila kosa, lakini nyumba zote zimetoka kuwa hazina maji.

Ianze kutazamwa Extract by expression. Mara nyingi sharti lake limeandikwa hivi:

```
"hali" = 'nzima'
```

Ulinganisho huo unatofautisha herufi kubwa na ndogo. Orodha mpya ikiandika Nzima, au ikiacha nafasi mwishoni mwa neno, hakuna kituo kitakachopita. Buffer itachora eneo tupu, na Extract by location, iliyoagizwa kutoa nyumba zisizogusa eneo hilo, itatoa nyumba zote. Kila hatua imetii agizo, ndiyo maana hakuna kosa lililoripotiwa. Sharti salama zaidi ni hili:

```
lower(trim("hali")) = 'nzima'
```

Ili kuona data ilipopotea, tokeo la kila hatua lipewe jina wakati wa kujaribu. Tokeo lenye jina linajitokeza kama tabaka, lisilo na jina linatumika na kutoweka. Tabaka la vituo vilivyochujwa likiwa na safu sifuri, tatizo limepatikana. Jaribio likiisha, majina yafutwe na libaki la nyumba zilizo nje ya mita 400.

Wilaya saba, je, iendeshwe mara saba?

Hapana. Run as Batch Process ipo kwenye kidirisha cha modeli, safu moja kwa kila wilaya, na kila safu na CRS yake.

Modeli itunzwe wapi?

Ikihifadhiwa ndani ya mradi inasafiri na faili la `.qgz`. Ikitumiwa na miradi mingi, faili la `.model3` ligawiwe peke yake. Mwenye QGIS ya zamani anaweza kushindwa kuiendesha iwapo ina algorithimu ambayo toleo lake halina, na vivyo hivyo asiyesakinisha programu-jalizi iliyotumika. Kwa hiyo modeli itengenezwe kwenye toleo la zamani kuliko yote yaliyomo ofisini, na msaada wake ujazwe: safuwima ya hali inaitwaje, maneno gani yanatarajiwa ndani yake, na kanda ipi ni ya wilaya ipi.