Mtishe kwa Ndala: Kuandika Filamu Fupi ya Kutisha Bila Hela

Skripti yangu ya kwanza ya kutisha ilikuwa na mzimu ukurasa wa kwanza. Nilinunua kinyago na rangi za uso, elfu thelathini ya bumu ikayeyuka. Siku ya kuonyesha, mzimu ulipotokea ukumbi mzima ukacheka. Mtu wa nyuma akauliza, "Hilo si shuka la hosteli?"

Baadaye nikaelewa kosa. Sisi wa ualimu tunaambiwa tumtoe mwanafunzi kwenye analolijua kwenda asilolijua. Mimi nilianza na asilolijua. Mtu huogopa kitu alichokizoea kinapobadilika, na kitu rahisi kuliko vyote kukizoesha ni sauti, kwa sababu haihitaji kununuliwa.

Skripti ya pili niliiita "Ndala". Ina kurasa tano, na ukurasa mmoja huchukua takriban dakika moja kwenye skrini. Tuipitie.

Dakika ya kwanza ni ya kufundisha sauti. Jioni, Asha anafungasha aende kwao. Ndala yake moja imefungwa waya, kwa hiyo akitembea mguu mmoja unalia "pa", mwingine "shraa". Rehema anamtania: "Wewe ukija nakusikia toka getini." Utani huo ndio unaoipandikiza sauti kichwani mwa mtazamaji. Asha anavaa viatu, anasukuma ndala uvunguni, anaondoka. Muda wote pangaboi linazunguka juu, mpaka unasahau kwamba linalia.

Kuanzia hapo kila ufunuo unafunga maelezo mamoja ya kawaida:

NDANI. CHUMBA CHA HOSTELI – USIKU
Umeme unakatika. Pangaboi linapunguza mwendo, linasimama. Kimya, sekunde nane.
Mbali, koridoni: pa... shraa... pa... shraa.
REHEMA: Asha? Umekosa basi?
Sauti inakoma.

Mtazamaji hajaogopa bado, anadhani Asha karudi. Dakika ya tatu Asha anapiga simu, nyuma yake muungurumo wa basi: "Tumeshapita Chalinze." Maelezo ya kwanza yamefungwa. Anajipa la pili: labda kuna mtu kaziazima ndala. Dakika ya nne hatua zinakuja, zinakoma mlangoni. Rehema anamulika uvunguni kwa tochi ya simu. Ndala zipo, zote mbili. La pili nalo limefungwa, limebaki moja tu, kwamba chochote kile kiko nje. Dakika ya tano anamulika mlango, hakuna kitu. Anarudisha mwanga uvunguni, ndala iko moja. Nyuma yetu: "shraa". Giza.

Kati ya ufunuo na ufunuo lazima umwachie mtazamaji nafasi ya kujitafutia maelezo mapya. Rasimu ya kwanza niliweka simu na uvungu kwenye dakika moja. Niliwasomea wenzangu wanne wakiwa wamefumba macho, huku nikipiga ndala sakafuni. Mmoja akauliza, "Kwani ndala zilikuwa za nani?" Swali kama hilo linakuambia umekimbia. Ukisikia mtu anajibu kabla hujafika, kwa mfano "atakuwa basi", ujue umechelewa.

Hitchcock alilieleza hili kwa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla watu wanashtuka kwa sekunde chache, lakini wakijua lipo kabla ya wanaozungumza pale mezani, wanabana pumzi dakika nzima nzima. Kwenye "Ndala" bomu letu ni "pa... shraa".

Kwenye kurekodi, simu inatosha ukiisogeza. Tuliiweka karibu shibiri moja kutoka kwenye ndala, saa nane usiku, ikiwa haipokei simu wala ujumbe. Hatua za mbali ni rekodi ileile iliyopunguzwa sauti. Pangaboi usilirekodi pamoja na mazungumzo maana litayafunika: lizime watu wakiongea, lirekodi peke yake, kisha liweke chini ya mazungumzo wakati wa kuhariri.

Sekunde nane za kimya nazo zirekodiwe. Chumba kitupu kina sauti yake, na ukikata sauti kabisa mtazamaji atadhani simu yake imeharibika. Rekodi chumba kikiwa kimetulia nusu dakika, utumie hiyo. Na usitegemee miungurumo mizito, kwa sababu wengi watatazama kwenye simu na spika yake ndogo haiitoi. Mlio wa ndala unapita vizuri.

Tulipoionyesha, "shraa" ya mwisho ilipolia safu ya mbele iligeuka kuangalia nyuma. Gharama yote ilikuwa vocha ya elfu moja. Ndala niliazima kwa mwenzangu wa chumbani, na mpaka leo hajazidai.