Dondoo Muhimu: Mpangaji, Mwenye Nyumba na Gharama ya Inveta

Mpangaji wa Chamazi aliyechoshwa na kukatika kwa umeme miezi kadhaa, akitaka mwenye nyumba wake achangie inveta, na atambue kwanza kwamba, mkataba usipotaja jambo hilo, analopeleka ni ombi wala si dai.

• Pima haja yako: taa 4 za wati 10, feni ya wati 50 na chaji ya simu wati 10 ni wati 100, ambazo kwa saa 5 hutaka wati-saa 500; betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, itumiwayo nusu tu ili idumu, huzimudu kwa shida, na jokofu halimo.

• Gawa kwa insafu: nyaya na swichi, zitakazobaki ukutani, ni haki azigharimie mwenye mali; inveta na betri, utakazohama nazo, ni zako. Akitaka zibaki, nusu ya bei ikatwe katika kodi: kwa 600,000, ni 50,000 kila mwezi kwa miezi 6.

• Andikeni masharti hayo, mtie saini mbele ya shahidi, kabla fundi hajagusa ukuta.