Miezi sita ya majaribio, au mkataba wa miezi sita?

Mhasibu mmoja wa Dar es Salaam anapigiwa simu na wakala wa ajira: kuna nafasi nzuri, "miezi sita ya mwanzo, halafu tutaangalia utendaji." Maneno hayo yanabeba mambo mawili tofauti kabisa, na ni vizuri ayatenganishe kabla hajaandika barua ya kuacha kazi aliyonayo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 14, inataja mikataba ya aina tatu: usio na kikomo, ambao wengi tunauita ajira ya kudumu; wa muda maalumu; na wa kazi maalumu. Kama miezi sita ile ni ya majaribio ndani ya ajira ya kudumu, mwajiri akiona mhasibu hafai ana utaratibu wa kufuata: amweleze upungufu wake, amsikilize na ampe nafasi ya kujirekebisha. Kama ni mkataba wa muda maalumu, tarehe ya mwisho ikifika kwa kawaida unaisha wenyewe, hata kama kazi aliifanya vizuri.

Kumuuliza wakala "Je, kazi ni ya kudumu?" hakusaidii sana. Atajibu "ni ya muda mrefu", na jibu hilo halimfungi mtu. Afadhali kuuliza yale yatakayoandikwa kwenye mkataba, na kuuliza kwa maandishi:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa kunifikiria. Kabla ya usaili naomba kufahamu: mkataba utakuwa na tarehe ya kumalizika, au hauna kikomo? Ile miezi sita ni ya majaribio, au ndiyo mkataba wote? Na atakayesaini kama mwajiri ni kampuni yenyewe au ni ofisi yenu?"

Swali la mwisho wengi hulisahau, ilhali ndilo linaloonyesha utamdai nani mshahara ukichelewa.

Jibu likiwa bado na ukungu, uliza makato. Mwajiriwa hukatwa kodi ya mapato kwenye mshahara na huchangiwa NSSF, ambako mchango wote ni asilimia 20 na sehemu yake haizidi nusu. Ukiambiwa utaleta ankara kila mwezi na kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, basi wanakuchukua kama mtoa huduma. Hapo usitarajie likizo ya malipo, na kiasi unachotaja kwenye mazungumzo ya malipo kizingatie hilo.

Huenda wakala kweli hajui, kwa kuwa mteja wake hajamwambia. Mwombe aulize, na umpe siku mbili tatu. Akirudi na "mtaongea ukishaanza", omba rasimu ya mkataba. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi, yakiwamo aina na muda wa mkataba. Hadi rasimu hiyo ifike na uisome, barua ya kuacha kazi ya sasa isitoke mkononi mwako.